Hina ionekane, ngozi ya mwana ibaki ileile

Baada ya picha ya uso wa bibi harusi, picha inayokuzwa zaidi kwenye simu za ndugu ni ile ya mikono. Shangazi anataka kuona ua lililochorwa kiganjani, mama mkubwa anatafuta jina la bwana harusi lililofichwa katikati ya majani, na dada zake wanahesabu mistari ya vidoleni. Mara nyingi wanakuta moja kati ya mambo mawili. Ama mikono imetoka ya kahawia tupu na mchoro umezama humo, ama mchoro unaonekana vizuri lakini mikono si ya binti huyo tena. Imekuwa myeupe kuliko uso wake, au imegeuka rangi ya chungwa.

Hali ya pili ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu aliyehariri picha aliona amefanya wema. Bibi harusi mwenye ngozi ya maji ya kunde akiona mikono yake imeng'arishwa ili hina ionekane, anachoelewa ni kwamba rangi yake ndiyo iliyokuwa tatizo. Na picha hairudiwi kirahisi, kwa kuwa hina hufifia ndani ya wiki 1 hadi 3, jinsi ngozi ya juu inavyochakaa na kubanduka.

Habari njema ni kwamba ngozi haihitaji kuguswa. Kinachotakiwa ni kuongeza tofauti kati ya mstari wa hina na ngozi iliyo kando yake, bila kubadili rangi ya mkono mzima. Kazi hiyo inafanyika kwa simu ya kawaida, na nusu yake inafanyika kabla ya kupiga picha.

Kwa nini hina hupotea kwenye picha

Jani la mhina lina kemikali ya rangi iitwayo lawsoni. Hina ikikaa mkononi kwa saa kadhaa, lawsoni huingia katika tabaka la juu kabisa la ngozi, lile lenye seli zilizokwisha kufa, na kushikamana na protini yake. Kiganja kina tabaka nene, ndiyo maana hina hukolea zaidi kiganjani kuliko mgongoni mwa mkono.

Hina ikikwanguliwa, rangi yake huwa ya chungwa. Baada ya hapo hukolea polepole kwa siku 1 hadi 2 mpaka kufikia wekundu wa udongo au kahawia nzito. Kwa hiyo picha iliyopigwa saa moja baada ya kukwangua itaonyesha hina changa, na hakuna uhariri utakaoikoleza kwa uaminifu.

Sababu ya pili iko kwenye mwanga. Ngozi ya kahawia na hina ya kahawia ni rangi jirani. Zote mbili hurudisha mwanga mwekundu kwa wingi, na hapo kamera inaziona karibu sawa. Zinapoachana zaidi ni kwenye mwanga wa buluu na wa kijani, ambao hina huumeza kuliko ngozi iliyo kando yake. Taa ya njano ya sebuleni ina buluu kidogo sana. Chini ya taa hiyo mchoro hupotea hata kama mchoraji alikuwa fundi, lakini mkono uleule ukiupeleka dirishani mchana, mistari inajitokeza yenyewe.

Sababu ya tatu ni simu yenyewe. Simu nyingi huja na hali ya urembo kwenye kamera, na kazi yake ni kulainisha ngozi. Inalainisha kwa kufuta vitu vidogo vyeusi, ikidhani ni madoa au chunusi. Mstari mwembamba wa hina, kwa hesabu ya simu, ni doa. Mchoro uliofutwa namna hiyo haurudi, kwa sababu simu haikuuhifadhi mahali popote. Zima hali hiyo kwanza, pamoja na filta zote, kabla ya kupiga picha hata moja.

Mfano wa bibi harusi wa Tanga

Chukulia binti wa Tanga anayefunga ndoa Jumamosi. Hina amepakwa Alhamisi usiku, imekaa saa 6, na imekwanguliwa Ijumaa alfajiri bila kuoshwa kwa maji. Picha za mikono zinapangwa Jumamosi saa 3 asubuhi, kabla hajavaa gauni. Kufikia saa hiyo imepita siku nzima na ushei tangu hina ilipotoka, na rangi imekolea.

Mama yake anamweka karibu na dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja. Kama jua linaingia, pazia jeupe jembamba linatosha kulipunguza makali. Taa ya ndani inazimwa, kwa sababu mwanga wa njano ukichanganyika na wa mchana, upande mmoja wa mkono utatoka wa njano na mwingine wa buluu, na hakuna kitufe kimoja kitakachorekebisha pande zote mbili.

Mikono inawekwa juu ya leso au kitambaa chenye rangi iliyotulia, si nyeupe. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mahali pana mwanga wa kupita kiasi, inapunguza mwanga wa picha yote, na mikono inakuwa mieusi kuliko ilivyo. Ndiyo ajali inayotokea mara nyingi mikono ikipigwa picha juu ya gauni jeupe.

Dirisha liwe ubavuni mwa mikono, lisiwe nyuma ya mpigaji wala nyuma ya bibi harusi. Flashi isiwashwe. Flashi hupiga ngozi usoni na kuacha mng'aro mweupe, hasa ikiwa binti amepaka mafuta, na chini ya mng'aro huo hina haionekani kabisa. Mafuta kidogo hukolezea hina, lakini yakizidi, futa kwa kitambaa kikavu kabla ya kupiga.

Kabla ya kubonyeza, mama anagusa mkono kwenye skrini na kushikilia kidole mpaka kamera ifunge fokasi na mwanga. Kwenye simu nyingi hutokea alama ya jua dogo inayoweza kusogezwa juu au chini. Anaisogeza mpaka mkono ulio kwenye skrini ulingane na mkono ulio mbele yake. Hakuna wakati mwingine ambapo atakuwa na vyote viwili mahali pamoja, kwa hiyo sekunde 10 za kulinganisha hapa zinaokoa saa nzima ya kubahatisha baadaye.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wengi hawalifanyi. Anaweka kipande cha karatasi nyeupe ya kawaida pembeni mwa picha, kwenye mwanga uleule unaoangukia mikono. Karatasi hiyo itakatwa mwishoni. Kwa sasa ni shahidi: mhariri akijua kitu fulani pichani ni cheupe kweli, ataweza kujua ngozi nayo ilikuwa na rangi gani. Gauni halifai kazi hiyo, kwa sababu magauni mengi yanayoitwa meupe yana umanjano au ubuluu kidogo.

Hatua nne za kuhariri

Programu zinazofaa ni nyingi. Hapa inatumika Snapseed, kwa sababu ni ya bure na ina kitu muhimu sana kwa kazi hii: unaweza kufanya badiliko kisha ukalipaka kwa kidole mahali unapolitaka tu.

Hatua ya kwanza ni rangi ya mwanga. Fungua White Balance, chagua alama ya kidondoshi, kisha sogeza duara lake mpaka juu ya karatasi nyeupe. Picha yote itajirekebisha hadi karatasi ionekane nyeupe isiyo na umanjano wala ubuluu, na ngozi itarudi ilipokuwa. Anza na hatua hii, kwa kuwa ukianza kukoleza hina kabla ya kusahihisha mwanga, utakuwa unakoleza kosa.

Hatua ya pili ni mwangaza. Kwenye Tune Image, gusa Brightness kidogo tu ikiwa picha ilitoka na giza. Kwa picha ya mama wa Tanga, aliyelinganisha mkono tangu mwanzo, hapahitajiki kitu, au labda nukta 5 hadi 10. Saturation na Warmth ziache kwenye sifuri.

Hapo kwenye Saturation ndipo wengi huharibikiwa, na sababu yake ni rahisi. Kwa kamera, ngozi ya kahawia ni rangi ya chungwa iliyotiwa giza. Ukiongeza nguvu ya rangi ili hina iwe nyekundu zaidi, unaongeza chungwa la ngozi kwa kiasi kilekile. Hina inakolea, ngozi nayo inakolea, tofauti kati yao inabaki palepale, na mkono mzima unakuwa kama umepakwa binzari.

Hatua ya tatu ndiyo inayotoa mchoro. Fungua Details, kisha peleka Structure kwenye nukta 25 hadi 35. Kifaa hiki hakibadilishi rangi ya jumla. Kinatazama sehemu ndogondogo, kinatia giza kidogo mstari ulio mweusi kuliko jirani yake, na kuacha ngozi ya kando ikae kama ilivyokuwa au ing'ae kwa mbali mno. Ndicho hasa kinachotakiwa. Sharpening isizidi nukta 10, la sivyo kingo za mchoro zitakuwa kama zimekatwa kwa wembe.

Tatizo ni kwamba Structure haijui hina ni ipi na mkunjo wa kidole ni upi. Itakoleza vyote: mistari ya viungo, mishipa, vinyweleo, na uso kama umo pichani. Binti wa miaka 24 atapata mikono ya bibi yake. Ndiyo maana kuna hatua ya nne.

Hatua ya nne ni kupaka badiliko mahali pake. Rudi kwenye picha, bonyeza alama ya matabaka iliyo juu, chagua View edits, gusa Details, kisha chagua alama ya brashi. Badiliko litatoweka kwenye picha yote, nawe utalirudisha kwa kidole. Kuza picha kwanza, ili ncha ya kidole ifanye kazi kwenye eneo dogo. Paka kwenye mchoro wa mgongoni mwa mkono, kiganjani na vidoleni, lakini ruka viungo visivyo na hina, kucha, pete na bangili. Sehemu unayopaka huonekana nyekundu, hivyo ni rahisi kujua ulipofika. Ukikosea, punguza kipimo cha brashi hadi 0 na upake tena juu ya kosa.

Kazi hii huchukua dakika 5 hadi 10 kwa picha moja. Ikiisha, kata karatasi kwa Crop, hifadhi nakala mpya, na picha ya asili isifutwe.

Utajuaje kama umezidisha

Jicho likitazama picha moja kwa muda mrefu linaizoea, na kila kosa linaanza kuonekana sawa. Weka simu chini kwa dakika chache, kisha rudi na ukague mambo matatu.

Kagua kwanza mahali ambapo hina haikupakwa, yaani ngozi ya mkono juu ya kifundo, karibu na kiwiko. Bonyeza picha na kushikilia ili uone ile ya asili, halafu achia. Mchoro unapaswa kubadilika, ngozi hiyo isibadilike zaidi ya marekebisho ya White Balance na Brightness. Ikibadilika zaidi ya hapo, umegusa picha nzima badala ya kugusa mchoro.

Kisha kagua uso na mikono kwa pamoja, kama vyote vimo pichani. Mgongo wa mkono wa watu wengi huwa na weusi kidogo kuliko uso, na hilo ni la kawaida. Mgongo wa mkono ukiwa mweupe sana kuliko uso, huenda kuna kilichokosewa. Kosa hili hutokea sana pale mpigaji wa studio anapong'arisha mikono peke yake ili hina itokeze, akaacha uso ulivyo. Mzazi ana haki ya kumwambia kabla kazi haijaanza: tia giza mistari, using'arishe ngozi. Sentensi hiyo fupi inaeleweka na kila mhariri.

Mwisho, kagua kingo za mchoro na vitu vinavyojulikana rangi yake. Ukiona utepe mwembamba mweupe kando ya kila mstari wa hina, Structure imezidi. Irudishe hadi 20. Ukiona ngozi ya viungo imekuwa na rangi ya majivu, hiyo nayo ni dalili ileile, na ngozi nyeusi ndiyo huionyesha haraka zaidi. Na ikiwa bangili ya dhahabu imekuwa ya shaba, kuna wekundu uliozidi pichani, rudi kwenye White Balance.

Yasiyorekebishika, na yasiyopaswa kurekebishwa

Kuna picha ambazo uhariri hauziokoi. Picha iliyolainishwa na hali ya urembo, picha iliyotikisika, na picha yenye mng'aro mweupe wa flashi juu ya mchoro zimepoteza mistari yenyewe. Ukizidisha Structure hapo utapata chembechembe, hutapata hina. Picha iliyopigwa usiku chini ya taa ya njano ina nafuu kidogo: kidondoshi kikipata kitu cheupe pichani kitairudisha ngozi karibu na ukweli wake, ila mistari myembamba mara nyingi hubaki hafifu. Ni afadhali kuikubali ngozi sahihi yenye hina hafifu kuliko kinyume chake.

Piko nalo ni suala tofauti. Mistari yake myeusi huonekana kwenye picha yoyote bila kuhaririwa, na hiyo ni sababu moja ya wachoraji wengi kuipenda. Lakini weusi huo hautoki kwenye jani la mhina. Mara nyingi piko ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, ambayo inaweza kuwasha ngozi, kuitoa malengelenge na kuacha makovu. Dalili zinaweza kuanza siku kadhaa baada ya kupakwa, hata harusi ikiwa imeshapita. Aliyewahi kudhurika nayo anaweza kubaki na mzio wa rangi za nywele kwa miaka mingi. Kwa hiyo kuchagua piko ili picha itoke vizuri ni kulipa gharama isiyo ya lazima, kwa kuwa hina ya kawaida iliyokolea siku 2, ikapigwa picha dirishani, hutoa mistari ya kutosha.

Hapo pia ndipo ngozi ya kweli kwenye picha inapokuwa na faida nyingine. Ukiwa unakuza picha ili upake brashi, ukaona wekundu unaofuata mistari ya mchoro, au mistari iliyovimba na kuinuka, usiifute. Mtazame binti mwenyewe na umuulize kama panawasha au panachoma. Kama ni hivyo, anahitaji kuonwa na mhudumu wa afya, na ile picha ya asili, isiyong'arishwa wala kulainishwa, itamsaidia daktari kuona tatizo lilianzaje. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huwa haujitokezi waziwazi; huonekana kama zambarau au kahawia iliyoiva. Filta ya urembo huwa ya kwanza kuuficha.

Kabla ya kutuma kwa ndugu

Picha iliyohaririwa kwa uangalifu inaweza kuharibika safarini. WhatsApp hubana picha zinapotumwa kwa njia ya kawaida, na vitu vya kwanza kupotea ni mistari myembamba. Chagua HD kabla ya kutuma ili ibanwe kidogo zaidi, au itume kama Document ili ifike na ukubwa wake wote. Kwa picha ya kuchapisha ukutani, mpelekee mchapishaji faili lenyewe, si picha iliyopita kwenye makundi matatu ya familia.

Mwombe pia akuchapie kipande kidogo kwanza. Skrini ya simu hutoa mwanga wake yenyewe, karatasi haitoi, hivyo picha iliyoonekana sawa kwenye simu inaweza kutoka na giza. Beba kipande hicho hadi dirishani, mwite bibi harusi aweke mkono wake kando yake, na mlinganishe ngozi ya juu ya kifundo. Hata kama hina imeshafifia, ngozi hiyo bado ipo. Ikilingana, mruhusu mchapishaji aendelee na picha kubwa.